Masurufu ya safari: deni linalofutwa kwa karatasi

Mtumishi akishapokea masurufu, yaani fedha anayotangulizwa kwa ajili ya safari ya kazi, huiona fedha hiyo kama bajeti ya kazi. Kwenye vitabu vya mhasibu haiko hivyo. Siku ilipotoka benki haikuandikwa kuwa matumizi ya ofisi. Iliandikwa kuwa ofisi inamdai mtumishi huyo, kwa jina lake na namba yake ya hundi ya mshahara. Kazi inaweza kuwa imefanyika vizuri, wanakijiji wakafurahi na taarifa ikasifiwa, lakini deni hilo haliguswi mpaka marejesho, yaani hesabu ya fedha hiyo pamoja na viambatisho vyake, yapokelewe na kukubaliwa.

Hapo ndipo mkanganyiko mwingi unapoanzia. Watu huandaa marejesho kama taarifa, yaani wanaeleza walichofanya. Mhasibu anayasoma kama malipo ya deni, na deni hulipwa kwa njia mbili tu: kwa uthibitisho kwamba fedha ilitumika kwa jambo lililoidhinishwa, au kwa kuirudisha fedha yenyewe. Kwa hiyo hesabu nzima ya marejesho ni hii:

```
masurufu = matumizi yaliyokubaliwa + salio lililorudishwa
```

Neno linalobeba uzito hapo ni "yaliyokubaliwa". Risiti ikikataliwa, kiasi chake hakipotei hewani. Kinahama kutoka upande wa matumizi na kwenda upande wa salio, na wewe ndiye utakayekitoa mfukoni.

Tuchukue safari moja ya mfano tuifuate mpaka mwisho. Afisa wa halmashauri ya wilaya nchini Tanzania na dereva wake wanakwenda kufundisha vikundi vya wajasiriamali katika vijiji vitatu, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Dokezo sabili la kuomba fedha liliambatana na mchanganuo wenye jumla ya shilingi 1,960,000. Ulikuwa na posho ya kujikimu ya siku 4 kwa wawili (afisa 120,000 kwa usiku, dereva 100,000), dizeli lita 100 kwa makadirio ya shilingi 3,000 kwa lita, nauli za washiriki 45 kwa 10,000 kila mmoja, chakula cha washiriki hao kwa 6,000 kwa sahani, na shajala za 60,000. Viwango hivi ni vya mfano. Vya ofisi yako viko kwenye waraka wa posho unaotumika.

Mchanganuo huo ulioidhinishwa ndio karatasi muhimu kuliko zote katika marejesho, na ndio wengi huusahau mezani. Jedwali la matumizi linatakiwa kuufuata mstari kwa mstari, kwa mpangilio uleule na majina yaleyale. Ukiandika "mafuta na matengenezo" wakati mchanganuo ulisema "dizeli", mhasibu hawezi kulinganisha, na jalada linarudi. Kwa hiyo kabla hata ya kutafuta risiti, toa nakala ya dokezo lililosainiwa na uiweke mbele yako.

Safari ilivyokwenda ndiyo hii. Siku ya Ijumaa ilitengwa kwa ufuatiliaji na afisa wa kata, lakini kata iliitwa kwenye kikao wilayani, hivyo afisa na dereva walirudi Alhamisi jioni. Washiriki waliofika walikuwa 41 badala ya 45. Dizeli iliyojazwa ni lita 92 kwa shilingi 3,050. Tairi lilipata pancha mara mbili njiani na likagharimu jumla ya 15,000. Shajala ziligharimu 54,500.

Posho: hudaiwi risiti, unadaiwa usiku

Posho ya kujikimu haihitaji risiti ya nyumba ya wageni wala ya chipsi. Ni kiwango kilichopangwa kwa usiku mmoja nje ya kituo cha kazi, na ukilala kwa rafiki au ukila mihogo bado ni yako. Kwa sababu hiyo watu huamini posho haina marejesho. Inayo, ila kinachothibitishwa ni idadi ya siku.

Katika safari yetu usiku uliolalwa nje ni wa Jumatatu, Jumanne na Jumatano, yaani mitatu. Fedha iliyotolewa ilikuwa ya usiku minne. Afisa anastahili 360,000 na dereva 300,000, jumla 660,000 badala ya 880,000. Shilingi 220,000 ni za kurudisha, na kiasi cha dereva kimo humohumo ikiwa masurufu yalitolewa kwa jina la afisa mmoja. Hapa ndipo maafisa wengi hujikuta wakimlipia mwenzao. Dereva amekwisha kulipwa siku nne zote Jumatatu asubuhi, ametumia, na Ijumaa anapoambiwa arudishe 100,000 anashangaa. Ni heri kumlipa posho kwa awamu, usiku mbili kwanza na zilizobaki safari ikielekea ukingoni, na kila mara asaini kwenye fomu.

Uthibitisho wa siku hutoka sehemu tatu. Ya kwanza ni ruhusa ya safari yenye tarehe za kuondoka na kurudi. Ya pili ni saini na mhuri wa ofisi ya kijiji au kata uliyofika, pamoja na jina lako kwenye kitabu cha wageni. Ya tatu, ambayo watu huisahau lakini mkaguzi haisahau, ni kitabu cha safari za gari. Kitabu kikionyesha gari limerudi Alhamisi saa 12 jioni na wewe umejilipa mpaka Ijumaa, hakuna maelezo yatakayokuokoa.

Kuna mtego mdogo wa chakula pia. Anayelipwa posho kamili amekwisha kulipwa chakula chake. Kwa hiyo sahani za washiriki ni za washiriki. Orodha ya chakula ikiwa na sahani 45 na orodha ya mahudhurio ikiwa na majina ya washiriki pamoja na afisa na dereva ili idadi itimie, umejiandikia hoja ya ukaguzi mwenyewe.

Dizeli: risiti, gari na kilomita lazima viseme kitu kimoja

Matumizi ya mafuta ndiyo yanayopekuliwa zaidi, kwa sababu ni rahisi kuyapima. (Ofisi nyingi za umma hazitoi mafuta kwenye masurufu kabisa. Huyachukua kwenye bohari za Wakala wa Huduma za Ununuzi Serikalini, GPSA, au kwa hati ya manunuzi. Kama ofisi yako iko hivyo, mstari huu haukuhusu.)

Risiti halali ya EFD, mashine ya risiti za kodi, huanza kwa maneno `START OF LEGAL RECEIPT` na kumalizika kwa `END OF LEGAL RECEIPT`. Katikati kuna jina na `TIN` ya muuzaji, tarehe na saa, kiasi, na karibu na mwisho kuna `RECEIPT VERIFICATION CODE` pamoja na alama ya mraba ya kuskani. Sehemu ya mnunuzi, `CUSTOMER NAME` na `CUSTOMER ID`, ndiyo inayoachwa tupu mara nyingi. Mwombe mhudumu aingize jina la halmashauri na TIN yake kabla ya kutoa risiti, maana baada ya kutoka hairekebishiki. Jina lako binafsi lisiandikwe. Mnunuzi ni ofisi.

Vituo vya mafuta vina tatizo lao. Pampu hutoa risiti kila mauzo yanapokamilika, na dereva wa bodaboda au daladala huondoka bila kuichukua. Matokeo yake risiti zisizo na wenyewe huwa nyingi, na wakaguzi wanajua kwamba baadhi huishia kwenye majalada ya marejesho. Ndiyo maana hawaishii kwenye kuona kama risiti ni ya kweli. Wanaangalia kama ni ya gari lile. Namba ya gari iandikwe nyuma ya risiti au kwenye sehemu ya mnunuzi, pamoja na kilomita zilizosomeka kwenye mita wakati wa kujaza.

Katika mfano wetu gari lilijazwa tangi Jumatatu asubuhi kabla hesabu ya safari haijaanza. Njiani liliongezwa lita 60, na Alhamisi jioni likajazwa tena lita 32 mpaka kufikia palepale lilipokuwa. Mita ilisoma 184,310 wakati wa kuondoka na 184,906 wakati wa kurudi, sawa na kilomita 596. Gawanya kwa lita 92, unapata kama kilomita 6.5 kwa lita. Kwa gari zito la njia za vumbi na milima hiyo inaaminika. Ingetoka kilomita 3 kwa lita, mkaguzi angeuliza mafuta mengine yamekwenda wapi. Ingetoka 15, angeuliza kama safari ya kilomita hizo ilikuwepo kweli. Hesabu hii inachukua dakika moja, na ni bora uifanye wewe kabla yake.

Bei nayo hupimika. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, kwa kawaida Jumatano ya kwanza, kwa kila mkoa na wilaya. Makadirio yalisema 3,000, kituo kikauza 3,050. Hiyo si kosa, ilimradi bei haivuki kikomo cha eneo hilo na jumla haizidi kasma, yaani fedha iliyotengwa kwa mstari huo. Lita 92 kwa 3,050 ni 280,600. Kwenye 300,000 zilizotolewa zimebaki 19,400. Usijaribiwe kuzitafutia risiti.

Fedha iliyokwenda mikononi mwa watu

Washiriki hawana mashine ya kutoa risiti, hivyo stakabadhi yao ni orodha ya malipo yenye saini. Orodha nzuri ina kichwa kinachotaja shughuli, kijiji na tarehe. Chini yake, kila mstari una jina kamili, kikundi, namba ya simu, kiasi kwa tarakimu, na saini au dole gumba. Mwishoni kuna jumla ya watu na jumla ya fedha kwa maneno, kisha saini ya aliyelipa na ya Mtendaji wa Kijiji aliyeshuhudia pamoja na mhuri. Fanya orodha moja kwa kila kijiji kwa kila siku. Usichanganye vijiji viwili kwenye karatasi moja ili kubana nafasi.

Mahudhurio na malipo ni orodha mbili tofauti. Ya mahudhurio husainiwa asubuhi, ya malipo husainiwa mtu anapopokea fedha. Mkaguzi huziweka sambamba. Mtu aliyesaini kupokea 10,000 bila kuwemo kwenye mahudhurio ni hoja. Mtu aliyehudhuria bila kusaini malipo si hoja, ila fedha yake inarudi.

Majina yaliyoandikwa na mkono mmoja si tatizo, kwani mara nyingi mtendaji ndiye anayeandika. Saini zilizoandikwa na mkono mmoja ndilo tatizo, na huonekana haraka kuliko watu wanavyodhani: mkunjo uleule wa kalamu, wino uleule unaofifia mstari kwa mstari, na saini ya mtu mmoja inayobadilika kutoka mahudhurio hadi malipo. Namba za simu ziko pale kwa sababu mkaguzi huzipiga. Huchagua tano au sita na kuuliza swali jepesi tu, kama mtu alihudhuria na alipewa kiasi gani.

Kama malipo yalifanyika kwa simu, badala ya saini utaambatisha taarifa ya miamala kutoka kwa mtoa huduma. Picha za skrini za ujumbe mmojammoja ni za kusaidia tu, hazitoshi zenyewe. Angalia pia ada ya kutuma. Kama haikuwemo kwenye mchanganuo, huwezi kuikata kwenye 10,000 ya mshiriki kimyakimya.

Waliofika ni 14, 15 na 12, jumla 41. Malipo yao ni 410,000, na 40,000 inarudi.

Chakula ni habari nyingine. Sahani ziliagizwa siku moja kabla, 15 kwa kila kijiji, na mpishi alizipika zote. Kulipa sahani 45 kwa watu 41 ni sahihi kama unaweza kuonyesha kwamba oda ilikwisha kutolewa. Karatasi fupi ya oda yenye tarehe ya siku iliyotangulia na saini ya mpishi inatosha. Bila karatasi hiyo, mhasibu makini atakubali sahani 41 na 24,000 itakuwa yako. Katika mfano huu oda zipo, hivyo 270,000 inasimama.

Mpishi mwenyewe ni mama lishe wa kijijini, na hana mashine ya EFD. Wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao hayafiki kiwango cha kulazimika kuwa na mashine hawawezi kukupa risiti ya namna hiyo, na hakuna anayetarajia waitoe. Chukua stakabadhi ya mkono yenye jina lake, namba ya simu, kijiji, maelezo ya alichouza (sahani 15 × 6,000), kiasi kwa tarakimu na maneno, tarehe na saini. Kosa la kawaida hapa ni afisa kununua kitabu cha risiti dukani na kukitumia vijiji vyote. Namba zinatoka 031 kijiji cha kwanza, 032 cha pili, 033 cha tatu, kana kwamba akina mama watatu wasiojuana wanatumia kitabu kimoja. Hata kama kila shilingi ililipwa, karatasi hizo zinanuka. Afadhali hati ya malipo ya ofisi yenye saini ya mpokeaji kuliko kitabu cha risiti cha kuazima.

Kwa upande wa pili, duka la shajala mjini, hoteli na kituo cha mafuta hawana udhuru. Stakabadhi ya mkono kutoka kwao hukataliwa, na sheria ya kodi humbana muuzaji asiyetoa risiti na mnunuzi asiyeidai.

Pancha, vocha na kila kisichokuwemo

Pancha ya 15,000 haikuwa kwenye mchanganuo. Imelipwa, gari limetembea, kazi imefanyika. Je, inaingia kwenye marejesho? Kwa kanuni, masurufu hutumika kwa kusudi lililotolewa tu, na kubaki kwa fedha kwenye kasma ya washiriki hakukupi ruhusa ya kuitumia kwenye tairi. Mwenye mamlaka ya kuhamisha ni yule aliyeidhinisha. Kwa hiyo njia salama ni kumpigia mkuu wa idara siku ileile, na ukirudi kuandika dokezo fupi linaloeleza lini, wapi, kiasi gani na kwa nini isingesubiri, kisha liidhinishwe kabla ya kupeleka marejesho. Dokezo hilo linaambatana na stakabadhi ya fundi. Ofisi nyingine hutaka uirudishe fedha yote kwanza, kisha udai 15,000 kama dai lako binafsi. Uliza mapema ofisi yako inafuata lipi.

Vocha ya simu ya 10,000 ambayo afisa aliinunua kuratibu vijiji haina dokezo wala kasma. Hiyo ameitoa yeye. Anaweza kukumbuka kuiweka kwenye mchanganuo wa safari ijayo.

Matumizi yakizidi masurufu mambo hubadilika. Jedwali la marejesho halina salio hasi. Utaonyesha matumizi mpaka kufikia kiasi ulichopewa, salio sifuri, na ziada utaifungulia dai tofauti lenye viambatisho vyake. Dai hilo linaweza kukubaliwa au kukataliwa, na linasubiri foleni ya madai mengine. Ndiyo sababu ukiona kasma inaelekea kuisha ni bora upige simu kabla ya kutumia.

Jedwali lenyewe

Sasa kila kitu kiko tayari, na jedwali linaandikika:

| Maelezo | Iliyotolewa | Iliyotumika | Tofauti | Kiambatisho |
|---|---|---|---|---|
| Posho ya kujikimu, watu 2 | 880,000 | 660,000 | 220,000 | A |
| Dizeli, lita 92 | 300,000 | 280,600 | 19,400 | B1, B2 |
| Nauli za washiriki, 41 | 450,000 | 410,000 | 40,000 | C1–C3 |
| Chakula, sahani 45 | 270,000 | 270,000 | 0 | D1–D3 |
| Shajala | 60,000 | 54,500 | 5,500 | E |
| Pancha, kwa dokezo | 0 | 15,000 | −15,000 | F |
| Jumla | 1,960,000 | 1,690,100 | 269,900 | |

Hakiki kwa njia mbili. Toa jumla ya matumizi kwenye masurufu, halafu jumlisha safu ya tofauti peke yake. Majibu yasipolingana, kuna mstari umekosewa, na mara nyingi ni tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Dalili yake ni kwamba kinachopelea hugawanyika kwa 9 bila baki. Kwa mfano, 54,500 ikiandikwa 45,500 jumla inapelea 9,000.

Herufi za viambatisho si urembo. Kila risiti iandikwe herufi yake juu kulia na kubandikwa kwenye karatasi nyeupe ya A4 kwa mpangilio wa jedwali. Risiti za EFD ni za karatasi inayochapwa kwa joto. Ukiiacha juu ya dashibodi ya gari inakuwa nyeusi, ukiibandika kwa gundi ya maji inafifia, na baada ya miezi kadhaa ndani ya jalada inaweza kubaki karatasi tupu. Toa nakala siku ya kwanza, bandika nakala na asili ukurasa mmoja, na usipitishe selotepu juu ya maandishi.

Piga kila risiti picha siku hiyohiyo. Ikipotea, ile namba ya uhakiki pamoja na saa ya risiti zinatosha kuitafuta kwenye `verify.tra.go.tz` na kuona muuzaji, kiasi na tarehe kama zilivyopelekwa TRA. Mkaguzi hutumia ukurasa huohuo kuangalia risiti zako, kwa hiyo si vibaya kuwahi kuzijaribu wewe. Risiti ya mkono ikipotea, rudi kwa muuzaji akuandikie nyingine yenye tarehe ya leo na maneno yanayotaja malipo ya siku ile. Asirudishe tarehe nyuma.

Tarehe ndizo zinazoangusha majalada mengi kuliko kiasi. Risiti ya shajala ya siku mbili kabla fedha haijaingia kwenye akaunti yako inauliza swali moja: ulilipa kwa fedha gani? Inawezekana ulitanguliza yako, lakini hilo linahitaji maelezo ya maandishi. Risiti ya mafuta ya Jumamosi, gari likiwa limerudi Alhamisi, haina maelezo kabisa.

Salio: risiti ya mwisho ni ya ofisi kwako

Shilingi 269,900 hairudishwi mkononi mwa mtu. Katika ofisi za serikali ya Tanzania unaomba kontroo namba kwa mhasibu wa mapato, ukieleza kwamba ni salio la masurufu na kutaja namba ya hati ya malipo iliyokupa fedha. Unalipa benki au kwa simu kupitia GePG, mfumo wa malipo ya serikali, kisha unapata stakabadhi ya serikali. Ada ya muamala isikatwe ndani ya kiasi. Stakabadhi lazima isome 269,900 kamili, kwa sababu ndiyo namba iliyo chini ya jedwali.

Usimtumie mhasibu kwenye simu yake ili "akusaidie kulipa", hata mkiwa mnafahamiana miaka. Siku akihamishwa kituo, ujumbe wa muamala kwake hauna namba ya hati, na deni litakuwa bado limesimama kwa jina lako. Usishikilie salio pia ukisubiri safari ijayo mwezi ujao. Kila masurufu hufungwa peke yake.

Ukishalipa, mhasibu huandika maingizo matatu: matumizi 1,690,100 kwenye kasma husika, benki 269,900, na upande wa pili akaunti ya masurufu inapungua kwa 1,960,000. Maingizo hayo ndiyo yanayoondoa jina lako kwenye orodha ya wadaiwa. Tuseme akakataa pancha. Matumizi yanashuka hadi 1,675,100, na mpaka ulete 15,000 nyingine deni lako halijaisha. Watu husema "nimesharejesha" wakimaanisha wamepeleka jalada. Kwenye daftari la masurufu bado wanadaiwa.

Muda wa kufanya haya yote ni mfupi. Kwenye ofisi nyingi za Tanzania utaambiwa siku 14 tangu kurudi, na muda wa ofisi yako umeandikwa kwenye fomu ya maombi uliyosaini. Kenya ni wakali zaidi. Kanuni ya 93 ya kanuni za usimamizi wa fedha za umma za mwaka 2015 inatoa siku saba za kazi baada ya mtumishi kurudi kituoni, na akichelewa kiasi chote hukatwa kwenye mshahara pamoja na riba ya kiwango cha Benki Kuu. Pande zote mbili, mwenye masurufu yasiyorejeshwa hapewi mengine, na Juni ni mwezi mbaya kuwa na safari isiyofungwa, kwa kuwa mwaka wa fedha huisha tarehe 30. Deni linalovuka siku hiyo huingia kwenye taarifa za hesabu za mwaka likiwa na jina lako pembeni.

Kwa hiyo wiki moja au mbili baada ya kupeleka jalada, rudi kwa mhasibu umwombe aangalie daftari la masurufu au mfumo wa malipo wa MUSE, kama ofisi yenu inautumia, aone kama namba ya hati yako imefungwa. Ikiwa bado, uliza nini kimekwama wakati kumbukumbu ingali mbichi na mtendaji wa kijiji hajahamishwa. Kisha hifadhi nakala kamili ya jalada, pamoja na ile stakabadhi ya salio, mahali ambapo si ofisini peke yake. Ripoti ya ukaguzi ya CAG hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, miezi tisa baada ya mwaka wa fedha kufungwa, na wakaguzi hufika halmashauri kabla ya hapo. Safari ya Agosti inaweza kuulizwa Desemba ya mwaka unaofuata.